Kesho Iliyosomwa Kuwa Jana

Ijumaa, 3 Oktoba 1947

Barua ya Karam Din imefika. Miezi saba nilikuwa sijasikia neno kutoka kwake, na magazeti yote yanasema Punjab inaungua tangu India ikatwe mbili: Waislamu wanakimbilia upande wa Lahore, Wasikh na Wahindu upande wa Jullundur.

Niandike vizuri, maana hata mimi huenda nikasahau. Karam Din ni Mwislamu wa Punjab, kijiji kimoja karibu na mji wa Jullundur. Tulilala vitanda jirani katika hospitali ya mahema huko Imphal, mashariki ya India, vitani mwaka wa arobaini na nne, wodi zilipojaa mpaka Waafrika na Wahindi wakachanganywa. Mimi nilikuwa na homa ya msituni, yeye risasi ya paja. Nilipokuwa siwezi kuinua kichwa alininywesha maji kwa kijiko, akisema, "Pani, bhai, pani." Ndiyo maneno ya kwanza niliyojua ya lugha yake: maji, ndugu. Tangu turudi makwetu tunaandikiana. Barua zake huandikwa Kiingereza na karani wa sokoni, nami hujibu kwa Kiingereza changu cha misheni. Kiingereza kile hakina sauti ya Karam Din hata kidogo.

Hii ya leo ni mkono wake mwenyewe. Ni Kiurdu, lakini kwa herufi za kizungu, jinsi askari wa jeshi la India walivyofundishwa kuandika. Kwa hiyo naweza kuitamka yote kutoka juu hadi chini, kama Misa ya Kilatini, na sielewi.

Mhuri wa posta si wa Jullundur. Ni wa Lahore.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimempelekea Harbhajan Singh, bwana wangu. Ni Kalasinga, yaani Msikh, fundi anayetengeneza bodi za mbao za malori, nami ni dereva na mkono wake wa pili pale karakana. Alikuwa anapiga randa. Nikamwambia, "Bwana Harbhajan, nisaidie. Barua ya rafiki yangu wa vita."

Akaitupia macho. Alipofika mwisho, kwenye jina, akanirudishia.

"Mimi hapana soma barua ya hii mtu."

"Kwa nini?"

"Mwaka huu hapana." Akashika randa tena. "Dada yangu Surjit iko upande ile, Lyallpur. Tangu Julai hakuna habari. Watu ya huyu rafiki yako ndiyo iko na habari yake. Uliza wao."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo juu ya nyumbani kwao. Nilibaki nimesimama na karatasi yangu kama mtu aliyekuja kudai.

Jumatatu, 6 Oktoba

Narendra ameisoma. Yeye ni karani wa duka la vitambaa, Mgujarati, kijana mcheshi, na lugha yake si hii lakini anasema ni jamaa wa karibu. "Kama wewe na Mmaragoli," akasema. Mimi ni Mbukusu, lugha zetu husikilizana kidogo. Basi nikakubali.

Alisoma akipima kitenge cha mteja, jicho moja kwenye futi. Karam Din yu hai. Walikimbia kijiji mwezi wa Agosti, wakaenda Lahore kwa miguu. Mke ni mgonjwa. Binti yao Bashiran alipotea njiani. 

"Ngoja, ngoja," Narendra akasema. "Hapa: *kal Bashiran milegai*. Jana Bashiran alipatikana! Umeona? *Mil gai*. Kwetu tunasema *mali gai*. Amepatikana."

Nikamshika mkono, mkasi ukaanguka. Mama mmoja aliyekuja kununua kitambaa alicheka nasi bila kujua tunacheka nini.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamua kumjibu kwa lugha yake. Mtu aliyeandika kwa mkono wake ajibiwe kwa mkono. Nilikusanya maneno niliyobaki nayo tangu Imphal, na machache nikayachota kwenye barua yenyewe. Mke wangu Selpha alishika taa nikiandika:

*Piyare bhai Karam Din. Tumhara khat mila. Main bahut khush hai. Mera bibi khush hai. Bashiran mil gai! Ham sab khush hai.*

Maana yake: Ndugu mpendwa, barua yako nimeipata. Mimi nafurahi sana. Mke wangu anafurahi. Bashiran amepatikana! Sisi sote tunafurahi.

"Mbona kila mahali *hai, hai*?" Selpha akauliza.

"Ndiyo lugha yao."

"Inaonekana rahisi kuliko Kiswahili."

Kesho naitia posta. Sijafurahia kazi ya mikono yangu hivi tangu nivue kombati.

Jumatano, 8 Oktoba

Imekwenda. Mvua ya kwanza ya vuli, kubwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbili nimekwama Ahero na lori la mahindi. Mto Nyando umepita kingo zake, barabara imekuwa ziwa dogo. Watu wanabeba kuku juu ya vichwa. Nilikuwa na furaha hata ndani ya tope.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilikuwa nikimwambia Wanyonyi, seremala mwenzetu, habari ya Bashiran. Nilisema kwa sauti, nusu nikitaka Harbhajan asikie. Nilitaka aone kwamba upande ule pia kuna watoto.

Harbhajan aliacha nyundo.

"Nani alisema amepatikana?"

"Narendra alisoma. *Kal Bashiran milegai.* Jana alipatikana."

"Lete."

Nilikuwa nayo mfukoni. Alifuta mikono kwa kitambaa, mkono mmoja, kisha mwingine, akasimama nayo karibu na dirisha. Alisoma yote, safari hii bila kuruka. Nilitazama ndevu zake, nikaona midomo inakwenda.

"*Kal* ni nini?" akaniuliza.

"Jana."

"*Kal* ni jana. *Kal* ni kesho pia. Neno moja. Leo ni hapa, *kal* ni siku ya pili, upande hii ama upande ile. Kitendo ndiyo inakuambia gani." Akachukua penseli ya seremala, akaandika juu ya ubao wa mvule:

*mil gai*

*milegi*

"Ya kwanza: amepatikana. Iko maneno mbili, katikati hakuna *e*. Ya pili: atapatikana. Neno moja, iko *e*. Huyu ameandika *milegai*. Mkulima, spelling yake mbaya, ameongeza *a*. Lakini *e* iko. Unaona *e*?"

"Naona. Lakini labda *e* ndiyo kosa."

"Labda. Basi soma hii ya mbele yake." Akaweka kidole. *Log kahte hain ek aur gari aegai.* "Watu wanasema gari moshi moja tena itakuja. Imekuja ni *ai*, basi. *Aegai* haiwezi kuwa imekuja, hata mlevi hawezi. Kwa hivyo huyu mtu kila *egi* anaandika *egai*. Gari itakuja. Kesho Bashiran atapatikana. Yeye *anangoja*, Laban. Anasema hivyo kwa sababu hapana weza sema ingine."

Nikamuuliza, Narendra je? Akasema Mgujarati hana *gi* hiyo. Kwao kitu kitakachokuja humalizika kwa *she*. Akisikia *gai* masikio yake husikia tu kwamba jambo limeisha. Si mjinga, alisema, amesikia kwa masikio ya nyumbani kwake.

Nikakaa juu ya rundo la mbao. Wanyonyi akaondoka polepole.

"Na wewe umejibu nini?" Harbhajan akauliza.

Nikamwambia.

Akaweka penseli chini. "Umempa baba hongera ya mtoto ambaye hayuko." Kisha, kwa sauti ya chini: "Hata adui hapana fanyiwa hii."

Jumanne, 14 Oktoba

Posta kabla haijafunguliwa. Karani alikuwa mpole. Mfuko wa meli uliondoka kwa gari moshi Alhamisi. Sasa uko Mombasa au majini. Barua hairudi.

"Ilikuwa na kitu kibaya?" akauliza.

"Ilikuwa na furaha," nikasema. Akadhani namchezea.

Nimetembea mpaka gatini na kurudi, mpaka gatini na kurudi. Mvua ilinikuta mara zote mbili. Namwona Karam Din amekaa chini katika kambi ya wakimbizi, barua yangu mkononi, anasoma *Bashiran mil gai*. Kwanza atafikiri nini? Kwamba nina habari asiyo nayo. Kwamba binti yake ameonekana, hata Afrika wanajua. Atasimama. Atamwita mke wake mgonjwa.

Selpha ananiambia nile. Nimemjibu vibaya. Akasema, "Hasira yako ipeleke kwa aliyekusomea, si kwa sufuria yangu." Narendra naye nilipita dukani kwake nikamwambia. Aliacha kila kitu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasema, "Nilikuwa napima kitenge, Bwana Laban. Nilikuwa napima kitenge." Sikuweza kumgombeza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Harbhajan ndiye aliyeanza. Saa ya chakula alikuja na chapati zake akakaa karibu nami, jambo asilolifanya.

"Utaandika ingine. Kwa ndege. Ndege itapita meli. Barua ya pili itafika kwanza, itamwambia ile ya kwanza ni makosa."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nikasema, "Basi uiandike wewe. Sitaki kukosea tena."

"Hapana. Mimi hapana mwandikia. Wewe ulikosea kwa mkono yako. Mimi nitafundisha. Mimi hapana toa neno."

Ndivyo tulivyoanza, kwenye ubao uleule. Alitaka kwanza barua yangu ya makosa, niikumbuke neno kwa neno. Niliikumbuka, Mungu anisamehe. Akaanza kukata.

"*Main khush hai.* Mbaya. *Hai* ni ya yeye. Mimi ni *hun*. Wewe, *ho*. Sisi, *hain*." Akaniimbisha kama shuleni: *main hun, tum ho, woh hai, ham hain*. Nikaona ni kama ni-, u-, a-, tu- zetu, ila sisi tunakivisha kitendo kofia, wao wanakivisha viatu. Tena kitendo chao hukaa mwisho wa sentensi, lazima ungoje mpaka mtu amalize ndipo ujue alifanya nini.

"*Mera bibi.* Mbaya. Mke ni mwanamke, *meri*. Ndugu, *mera bhai*. Binti, *meri beti*."

"Na lori?"

"*Gari* ni mwanamke. *Meri gari.*"

"Nani aliamua?"

Hapo alicheka, mara moja tu, kama mtu aliyekohoa. Halafu akakumbuka na kuacha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kuna maneno wanayo kama sisi. *Dunia* ni dunia. *Khabar* ni habari. *Waqt* ni wakati. *Dukan, gari, safar.* Nayaona kama watu wa kwetu katika mji wa kigeni. Nikamwambia Harbhajan kwamba nusu ya lugha yake naijua tayari. Akasema nusu hiyo ndiyo itanidanganya.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeandika mara sita. Kila karatasi anaikunja, anasema, "Tena." Sijui kama ananifundisha au ananiadhibu, au anajiadhibu yeye. Leo ni Jumapili, karakana imefungwa, alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, akasimama mlangoni na mwavuli mpaka Selpha akamvuta ndani.

Neno lililonitesa ni dogo: *ne*. Nilitaka kusema nilisoma vibaya, nikaandika *main ghalat parha*. "Mbaya. Ukifanya kitu, na imeisha, na iko kitu umefanyia, wewe mwenyewe unabeba *ne*. *Main ne ghalat parha.*" Nikamwambia *ghalat* tunayo, ghalati, kosa. Akasema, "Vizuri. Hiyo neno hutasahau."

Nabututu, binti yetu, alikuwa amelala juu ya mapaja ya mama yake. Harbhajan alimtazama.

"Ana miaka ngapi?"

"Minne," Selpha akajibu. "Na wewe, Bwana, una watoto?"

"Mimi hapana. Iko kaka Jullundur, na dada Surjit. Surjit alikuwa na mimba. Mwezi ya tisa angezaa." Akahesabu kwa vidole kisha akaacha kidole katikati, hakumaliza.

Selpha alimmiminia chai. Halafu akasema jambo ambalo mimi mwanamume nisingethubutu. "Huyu Karam Din yuko upande wa Lyallpur sasa, sivyo? Si aulizwe?"

 Mvua juu ya mabati.

"Yeye Mwislamu," Harbhajan akasema.

"Na wewe una ndugu Jullundur, alikotoka yeye. Mtoto wake alipotea huko huko." Selpha hakupandisha sauti. "Kila mmoja amekaa juu ya mlango wa mwenzake."

Harbhajan alisimama, akachukua mwavuli wake, akatoka bila kwaheri. Nilimkasirikia Selpha. Akasema, "Nimesema nini cha uongo?"

Jumatatu, 20 Oktoba

Nilipofika karakana asubuhi, ubaoni kulikuwa na sentensi sita zimeandikwa kwa penseli ya seremala. Harbhajan alikuwa nje anahangaika na mbao zisizohitaji kuhangaikiwa. Aliniambia bila kugeuka, "Hizo iko sahihi. Lakini uandike kama wewe unauliza. Jina yangu isiwe."

Hii ndiyo barua iliyokwenda:

*Bhai Karam Din, salam. Ek khat aega. Woh khat ghalat hai. Main ne ghalat parha. Main Urdu kam janta hun. Mujhe maaf karo. Meri bhi ek beti hai. Woh char sal ki hai.*

*Bashiran kitne sal ki hai? Us ki kya nishani hai?*

*Ek Sikh aurat hai. Us ka nam Surjit Kaur hai. Woh kahan hai? Kya tum puchh sakte ho?*

Ndugu, salamu. Barua moja itakuja. Barua hiyo ni kosa. Nilisoma vibaya. Kiurdu najua kidogo. Nisamehe. Nami nina binti mmoja, ana miaka minne. Bashiran ana miaka mingapi? Ana alama gani? Kuna mwanamke Msikh, jina lake Surjit Kaur. Yuko wapi? Je, waweza kuuliza?

Chini niliandika namba ya kijiji cha Surjit. Vijiji vya kule kwenye mifereji havina majina, vina namba, Harbhajan amesema.

Kwenye *nishani* nilikuwa nimegoma. Kwetu nishani ni medali, ninayo moja ndani ya sanduku. Nikasema, "Mtoto atakuwaje na nishani?" Harbhajan akagusa kovu la patasi kwenye kidole chake gumba. "Hii nishani. Kitu inaonyesha ni wewe."

Swali la Bashiran hakuniambia niliulize. Lilikuwa ubaoni, la kwanza juu ya yote.

Stempu ya ndege.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 2 Novemba

Nimehesabu njia kichwani hata nikiwa kanisani: ndege Nairobi, ndege Karachi, gari moshi Lahore, kambi. Na ile nyingine kwenye meli, polepole, na furaha yake ya uongo. Ni ipi iliyo mbele? Mhubiri alisoma habari ya wana wawili, sikusikia lolote.

Jumapili, 9 Novemba

Harbhajan hazungumzi. Anapiga misumari kama inamdai. Alhamisi alimfukuza mteja kwa sababu ya neno dogo. Wanyonyi anasema ataacha kazi aende Kombewa kwa mjomba wake. Mimi naendelea na masomo yangu peke yangu. Naandika sentensi ubaoni, jioni naondoka, asubuhi naikuta imesahihishwa. Hatuiongelei.

Juzi niliandika *Barish ho raha hai*, mvua inanyesha. Jana nikakuta *raha* imekatwa, imeandikwa *rahi*. Hata mvua ni mwanamke.

Jumanne, 18 Novemba

Barua kutoka kwa kaka yake, Jullundur. Hana habari ya Surjit. Harbhajan aliniambia mwenyewe, tukiwa chini ya lori, ambapo hatuonani uso. Akasema treni zilifika huko stesheni na watu wote ndani wamekufa. Kisha akasema, "Na treni zilitoka kwetu zikienda huko, hivyo hivyo. Kaka yangu hapana andika hiyo. Lakini mimi najua mikono ya watu ya kijiji yetu."

Nililala pale chini, mafuta yananidondokea shingoni.

Nilikuwa nimemdhania mtu mgumu. Sasa naona amejikaza tu, kama mtu anayeshikilia mlango unaosukumwa na maji.

Jumamosi, 29 Novemba

Hakuna. Nabututu alikuwa na homa, imeshuka.

Ijumaa, 5 Desemba

Hakuna. Karani wa posta siku hizi akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani, ili kunipunguzia hatua.

Jumanne, 16 Desemba

Imefika.

Niliipokea asubuhi nikaenda nayo karakana bila kuifungua. Sikutaka kuisoma nikiwa nimesimama barabarani. Harbhajan aliona bahasha tu akaketi juu ya benchi la randa. Nikamnyoshea. Hakuipokea.

"Soma wewe," akasema.

"Nitakosea."

"Soma."

Nikaifungua. Niliona mara moja kwamba si kama ile ya kwanza. Ile ilikuwa imejaa, mistari imebanana. Hii ina sentensi fupi fupi, kila moja peke yake kwenye mstari wake, na herufi kubwa zilizotengana. Alikuwa ameniandikia mimi. Alikuwa amefikiri ninachoweza, akaandika mpaka hapo.

*Bhai Laban. Tumhara dusra khat pahle aya.*

"Barua yako ya pili," nikasema, "ilikuja kwanza." Nikamtazama Harbhajan. Akatikisa kichwa: endelea.

*Pahla khat bad men aya. Main hansa. Meri biwi hansi.*

"Ya kwanza ilikuja baadaye. Mimi... *hansa*?"

"Alicheka."

"Nilicheka. Mke wangu alicheka." *Hansa* ya mwanamume, *hansi* ya mwanamke, nikaona mwenyewe. Walikuwa wamecheka *main khush hai* yangu.  Miezi miwili nilikuwa nimembeba mtu yule akilia.

*Bashiran nahin mili.*

Kwa hii sikuhitaji msaada. Bashiran hakupatikana. Nilisoma, nikatafsiri, nikangoja kabla ya mstari wa pili.

*Woh nau sal ki hai. Us ke baen hath par ag ka nishan hai.*

"Ana miaka tisa. Mkono wa... kushoto? Kuna alama ya moto."

"Ameungua," Harbhajan akasema polepole. "Mkono ya kushoto."

Na hapo ukurasa uligeuka, na mstari wa kwanza juu ulikuwa na jina la Surjit.  Nikasoma Kiurdu chote kwanza, maana niliogopa kukitafsiri kipande kipande na yeye ameketi pale.

*Main Surjit Kaur ke gaon gaya. Gaon khali hai. Ek lohar ne kaha: Sikh log fauj ke sath gae. Surjit Kaur zinda thi. Us ki god men bachcha tha.*

Harbhajan alikuwa ameelewa yote kabla sijamaliza, bila shaka.  Alinitazama kama mtu anayengoja hukumu, na nikaelewa kwamba anataka ayasikie mara ya pili, kwa lugha nyingine, ili aamini.

"Nilikwenda kijijini kwa Surjit Kaur," nikasema. "Kijiji ni kitupu. Mhunzi mmoja alisema: Wasikh walikwenda pamoja na jeshi. Surjit Kaur alikuwa hai." Nilisita kwenye *thi*. "Alikuwa. Siku ile alikuwa hai. Mapajani mwake alikuwa na mtoto."

"*Bachcha tha*," akasema Harbhajan. "*Tha*. Mtoto mwanamume."

"Au ni mtoto yeyote tu?"

"Au ni mtoto yeyote tu," akakubali. "*Bachcha* inaweza kuwa yeyote." Lakini alilirudia lile *tha* mara mbili tatu, kama mtu anayeonja.

Kisha akafunika uso na mwisho wa kilemba chake. Wanyonyi aliingia, akaona, akatoka. Mimi nilitoka pia. Nje jua lilikuwa limetoka, tope limeanza kukauka na kupasuka, na malori yalipita kuelekea Ahero. Maji yameshuka kule.

Karam Din alikuwa na mke mgonjwa na mtoto aliyepotea, na alipanda gari moshi mpaka Lyallpur akauliza habari za mwanamke wa Kisikh kwa sababu mimi niliandika *kya tum puchh sakte ho*. Nilikuwa nimelikariri lile swali kama kasuku. Sikujua lina uzito kiasi hicho.

Jumatano, 17 Desemba

Nimeandika jibu. Nimeliandika peke yangu jana jioni, Selpha akipika. Ni fupi. Namshukuru. Namwambia tumeelewa miaka tisa, mkono wa kushoto, moto. Namwambia kuna mtu Jullundur atakayetafuta.

Hilo la mwisho niliandika kwa kuthubutu, bila kuuliza. Nilimpa Harbhajan asahihishe. Alisoma akiwa amesimama, penseli nyuma ya sikio. Makosa mawili. Alipofika kwenye mtu wa Jullundur alinitazama, nami nikatazama misumari.

"Kaka yangu ana baiskeli," akasema. "Kambi ya wasichana waliopotea iko pale mjini. Anaweza kwenda."

Akakaa. Hakuchukua penseli, alichukua kalamu ya wino kutoka kabatini, ile anayoandikia mikataba, akaanza chini ya sahihi yangu. Yeye alisomeshwa Kiurdu kwa herufi zao wenyewe, zile zinazotoka kulia kwenda kushoto. Aliandika mistari mitano au sita bila kuinua kichwa. Nilisimama nyuma yake. Kwa mara nyingine nilikuwa mtu asiyeweza kusoma.

"Umesema nini?"

Aliweka kidole kwenye neno la kwanza, akanisomea kwa Kiswahili. "*Bhai sahib*. Hiyo ndugu wa heshima. Mimi ni kaka ya Surjit. Umekwenda kijiji ambayo mimi mwenyewe hapana weza kwenda. Leo naandikia kaka yangu, jina ya Bashiran, miaka yake, mkono yake. Atauliza kambi, atauliza gurudwara, hiyo hekalu yetu, atauliza nyumba ambazo watu hapana penda kuulizwa. Tukipata, tutaandika. Tusipopata, tutaandika pia."

Akapuliza wino ukauke. Tukaenda posta pamoja, tukipita madimbwi. Dirishani karani alimwomba aandike jina la mtumaji nyuma ya bahasha. Nilinyosha mkono kuichukua, maana tangu mwanzo tulikubaliana jina lake lisiwepo.

Harbhajan aliizuia bahasha kwa kiganja. Akaandika jina langu kwanza, Laban Wakhisi. Chini yake akaandika lake, Harbhajan Singh, yote mawili, na la baba yake pia.